Saa Tisa Usiku Inapogeuka Hasi Tatu

Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: 00, 01, 02, hadi 23. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, kisha tunaanza upya linapozama. Ndiyo maana 07:00 ya kompyuta ni saa moja yetu, na 19:00 ni saa moja tena, ya usiku. Kuitoa saa ya kompyuta kuileta kwenye saa ya Kiswahili si kazi ngumu: toa 6, gawanya kwa 12, shika baki. Kwa 15:00, toa 6 upate 9, nayo ni saa tisa mchana. Kwa 20:00, toa 6 upate 14. Ukigawanya kwa 12 unapata 1 na baki 2, yaani saa mbili usiku.

Niliiandika hesabu hiyo kwenye programu ya kuchapa tiketi za mabasi. Kwanza niliijaribu kwa lugha ya Python, ikafanya kazi saa zote. Kisha mfumo wenyewe ukatakiwa uwe wa Java, nikahamisha mistari mitatu ile ile karibu neno kwa neno:

```java
int saa = (h - 6) % 12;
int kipindi = (h - 6) / 12;
String s = MAJINA[saa] + (kipindi == 0 ? " mchana" : " usiku");
```

`MAJINA` ni safu ya majina 12, na nafasi zake zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 11. Nafasi ya 0 ina “kumi na mbili”, ya 1 ina “moja”, na kuendelea hadi “kumi na moja”. Alama ya asilimia hapo haihusu asilimia. Ndiyo inayotoa baki. Safu kama hii ni kama uso wa saa ya mshale: ukifika mwisho unarudi mwanzo, na baki ndilo linalokuzungusha.

Tiketi za asubuhi zilitoka sawa, za jioni pia. Siku ilipoingizwa safari ya 03:00, programu ikasimama na ujumbe huu:

```
Index -3 out of bounds for length 12
```

Yaani iliombwa jina lililo kwenye nafasi ya hasi tatu, na safu haina nafasi hiyo. Tatu toa sita ni hasi tatu, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye swali linalofuata: hasi tatu ukiigawanya kwa kumi na mbili, baki ni ngapi?

Python inasema 9. Java inasema hasi 3. Ajabu ni kwamba zote mbili ziko sahihi, kwa sababu sharti kuu la kugawanya ni hili: jibu mara kigawanyo, jumlisha baki, lazima irudishe namba uliyoanza nayo. Java inasema jibu ni 0 na baki ni hasi 3. Sifuri mara kumi na mbili ni sifuri, ongeza hasi tatu, umerudi ulikotoka. Python inasema jibu ni hasi 1 na baki ni 9. Hasi kumi na mbili ukiongeza tisa, umerudi pale pale. Tofauti iko kwenye upande wa kukatia sehemu iliyopungua. Hasi tatu juu ya kumi na mbili ni hasi robo. Java huikata kuelekea sifuri, Python huishusha hadi namba kamili iliyo chini yake. Baki linafuata tu palipokatwa.

C, C++, JavaScript, Go na Rust ziko upande wa Java. Ruby na Lua ziko upande wa Python. Hata C haikuwa na msimamo tangu mwanzo: kanuni zake za 1989 ziliacha kila mashine iamue yenyewe namba hasi zigawanywe vipi, na ni zile za 1999 zilizoamuru kukata kuelekea sifuri. Guido van Rossum, muundaji wa Python, alieleza mwaka 2010 kwa nini alichagua kushuka, na mfano wake mmoja ulihusu wakati: kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, kwa hiyo muda wa kabla ya hapo ni namba hasi, na bado mtu anataka kujua ilikuwa saa ngapi ya siku. Kwa kazi za kuzunguka naona hoja yake ina uzito.

Java nayo ina dawa yake tangu toleo la 8, la 2014: `Math.floorMod(h - 6, 12)` inatoa 9. Pasipo na dawa kama hiyo, watu huandika hivi:

```
((a % n) + n) % n
```

Hasi tatu inabaki hasi tatu, unaongeza 12 inakuwa 9, baki la mwisho linaiacha 9. Namba ambayo tayari ni chanya, tuseme 2, inapanda hadi 14 na kurudishwa 2.

Nilitengeneza mstari wa kwanza, programu haikusimama tena, nikaridhika. Hapo ndipo kosa kubwa lilipokuwa. Tiketi ya 03:00 sasa ilichapwa “tisa mchana”. Mstari wa pili nilikuwa sijaugusa: hasi tatu gawanya kwa kumi na mbili, Java ikakata hadi 0, na 0 kwangu ilimaanisha mchana. Abiria angefika stendi saa kumi na mbili nzima baada ya basi kuondoka, akiwa na tiketi isiyo na dalili yoyote ya hitilafu. Afadhali programu iliyosimama. Dawa ilikuwa `Math.floorDiv`, inayotoa hasi 1, na tiketi ikasomeka “tisa usiku”.

Kila lugha ina namna yake ya kuficha kosa hili. JavaScript haisimami, ingechapa “undefined usiku” au “undefined mchana” na kuendelea. Python, hata ukisahau kuchukua baki, huihesabu nafasi ya hasi tatu kutoka mwisho wa safu, na kwa safu ya majina 12 inaangukia “tisa”, kwa hiyo kwa saa za alfajiri huhisi kitu, hadi ifike 18:00 na nafasi iwe 12, ambayo safu haina.

C ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ukubwa wa safu huko mara nyingi hushikwa kwenye aina ya namba isiyojua hasi. Hasi tatu ikikutana nayo hugeuzwa kuwa namba kubwa mno: kwa biti 32 ni 4294967293. Igawanye kwa 12, baki ni 1. Programu haisimami wala haichapi upuuzi. Inakwambia saa moja. Usiku wa manane utaitwa saa kumi, na kila saa hadi alfajiri itazidi kwa nne. Safu ingekuwa na nafasi 8 au 16 majibu yangetoka sahihi, kwa sababu namba hizo zinagawa mzunguko wa biti 32 bila kubakisha kitu. Anayejaribu kwa safu ya nafasi nane hataliona kosa kamwe.

Makosa haya yote yanaishi ndani ya saa sita tu, kutoka 00:00 hadi 05:59, wakati ambao mwandishi wa programu amelala. Kwa hiyo sasa siijaribu kwa saa niliyopo mimi. Ninachapa zote 24 na kuzisoma moja moja, nikikawia kwenye 00, 05, 06 na 18, ambapo ishara ya namba au kipindi hubadilika. Kwa tiketi hizi kulikuwa pia na njia fupi zaidi: kutoa 6 na kuongeza 6 ni jambo moja kwenye duara la 12, kwa hiyo `(h + 6) % 12` inatoa 9 kwa 03:00 katika lugha zote hizi, bila namba hasi kuzaliwa. Hiyo inaokoa jina la saa peke yake. Mchana na usiku bado vinahitaji ile hasi 1, inayosema kwamba saa tisa hii ni ya usiku ulioanza jana jioni.