Kwa nini mtoto aliyepimwa VVU akiwa na wiki sita anarudishwa kupimwa tena?

Swali hili akina mama wanaoishi na VVU hulileta kliniki mara nyingi, na ni swali la haki kabisa. Mtoto katolewa damu kisiginoni akiwa na wiki sita, majibu yamerudi hasi, nyumba nzima imepumua. Halafu nesi anasema mrudi akifikisha miezi tisa. Kwani kile kipimo cha kwanza hakikuwa sahihi?

Kilikuwa sahihi. Ila kilijibu swali moja tu: je, mtoto aliambukizwa tumboni au wakati wa kuzaliwa? Kuhusu kunyonya bado hakijasema kitu, kwa sababu kunyonya ndiyo kwanza kumeanza.

Tumfuate mtoto mmoja wa mfano, tumwite Neema. Mama yake alianza ARV miaka miwili kabla ya ujauzito, anameza kila siku, na kipimo cha wingi wa virusi alichofanya ujauzito ukiwa mkubwa kilionesha virusi vimefubazwa. Neema amezaliwa na kilo 2.9.

Siku hiyohiyo anaanza nevirapini ya maji. Kwa mtoto aliyezaliwa na kilo 2.5 au zaidi, dozi ni miligramu 15 mara moja kwa siku. Dawa hiyo ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo anachopewa ni mililita 1.5. Hapa ndipo watu hukosea: mtu anasikia "kumi na tano" na kuivuta kwenye bomba kama mililita, na hiyo ni mara kumi ya dozi. Mwombe nesi aweke alama kwenye bomba lenyewe, kisha umvutie dozi moja mbele yake kabla hujaondoka. Mtoto akitapika muda mfupi baada ya kunywa, ndani ya kama nusu saa, hurudiwa dozi ileile.

Neema atainywa kwa wiki sita. Kama mama yake angegundulika na VVU siku ya kujifungua, au angekuwa ametumia ARV chini ya wiki nne, au virusi vyake vingekuwa juu mwishoni mwa ujauzito, mtoto angehesabiwa kuwa kwenye hatari kubwa. Huyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 ulimpa dawa mbili, nevirapini na zidovudini, na muda ulifika wiki 12. Nchi zinatofautiana kidogo hapa, kwa hiyo fuata ya kliniki yako.

Wiki ya sita mambo matatu yanatokea kwa pamoja: nevirapini inaisha, septrini inaanza, na damu ya kwanza inachukuliwa. Septrini haipambani na VVU. Inamkinga mtoto na nimonia na maambukizi mengine yanayoua haraka endapo atakuwa na virusi bila sisi kujua, na ataendelea nayo mpaka ithibitike kwamba hana.

Damu ya Neema inadondoshewa kwenye kadi ya karatasi, inakaushwa, inapelekwa maabara kwa kipimo cha PCR ambacho husaka vinasaba vya kirusi chenyewe. Kile kipimo cha haraka tunachofanya watu wazima hakimfai kwa umri huu. Kile husoma kingamwili, na kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na kubaki kwenye damu ya mtoto hadi karibu miezi 18. Ukimpima nacho Neema leo huenda kikasoma chanya, na utakuwa umempima mama.

Majibu ya Neema ni hasi. Tuseme yangekuwa chanya: hapo ARV zinaanza siku ileile na damu ya pili inachukuliwa kuthibitisha. Hakuna kungoja majibu ya pili. Bila matibabu, takriban nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya miaka miwili, na wengi wao huondoka katika miezi ya mwanzo kabisa. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini, uliochapishwa 2008, ulionesha kuwa kuwaanzishia dawa mapema badala ya kungoja dalili kulipunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 76. Majibu yaliyokaa kwenye faili wiki nne bila mtu kumpigia mama simu ni hatari kweli.

Sasa tuje kwenye maziwa, maana ndiyo sababu ya vipimo vinavyofuata. Miezi sita ya kwanza Neema ananyonya tu. Hakuna maji, hakuna uji, hakuna dawa ya chango ya bibi. Mwaka 1999 Anna Coutsoudis na wenzake wa Durban waliripoti jambo lililowashangaza wengi: katika miezi mitatu ya kwanza, watoto walionyonya tu waliambukizwa kidogo kuliko waliochanganyiwa maziwa ya mama na vyakula vingine. Maelezo yanayotolewa ni kwamba vyakula na maji hukwaruza utumbo ambao bado mchanga, na virusi vikipata pa kupenya havisubiri.

Mtu atauliza, si bora maziwa ya kopo kabisa? Botswana ilikuwa inayagawa bure. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zikachafua maji, kuhara kukalipuka, na watoto waliokufa walikuwa hasa wale wasionyonya. Kopo halina VVU, lakini maji ya kulikorogea ni suala jingine.

Na siku hizi hesabu imebadilika. Wakati wa utafiti wa Durban akina mama hawakuwa na ARV za kudumu. Katika utafiti wa PROMISE, uliofanyika nchi kadhaa za Afrika na India, maambukizi kwa njia ya kunyonya yalikuwa chini ya asilimia 1 pale mama alipotumia ARV au mtoto alipopewa nevirapini muda wote wa kunyonya. Kwa hiyo mama mkwe akimpa Neema kijiko cha maji siku moja, mama asikatishe kunyonyesha kwa hofu. Aache maji, aendelee na titi, asikose vidonge vyake. Baada ya miezi sita vyakula vinaongezwa, na kunyonya kunaendelea angalau hadi mwaka, hata miaka miwili.

Chini ya asilimia 1 si sifuri, na inategemea vidonge vya kila siku. Mama akisafiri bila dawa wiki tatu, virusi vinaweza kupanda kwenye maziwa bila yeye kuhisi chochote. Ndiyo maana Neema anapimwa tena PCR akiwa na miezi tisa. Kenya wamechagua miezi sita na 12, mantiki ni ileile. Na mtoto akidhoofu, asipoongezeka uzito au akipata vidonda vya mdomoni visivyopona, hapimwi kwa kalenda. Anapimwa siku hiyo.

Kipimo cha mwisho ni akiwa na miezi 18, au miezi mitatu baada ya kuacha kunyonya, lolote litakalochelewa. (Baadhi ya miongozo ya nchi husema wiki sita.) Muda huo unaachwa ili maambukizi ya siku za mwisho za kunyonya yapate kuonekana. Neema ameachishwa titi akiwa na miezi 18, kwa hiyo anarudi akiwa na 21. Safari hii kipimo cha haraka kinatosha, kwa kuwa kingamwili za mama zimeshaisha. Kikisoma hasi, septrini inaachwa siku hiyo na kadi yake inafungwa.