Mikono Iliyoshika Chupa ya Damu

Damu inayochukuliwa kwa ajili ya kesi hufuatana na maandishi yanayoonyesha nani aliishika, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, na kwa kazi gani. Maandishi hayo ndiyo mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Maabara inaweza kupima kwa ustadi wa hali ya juu, lakini kipimo hakisemi damu iliyopimwa ni ya nani. Hilo husemwa na karatasi.

Kazi huanza kwenye kiti cha mtoa damu. Chupa huandikwa mbele yake, mara tu damu inapoingia: jina, namba ya jalada, tarehe, saa na saini ya aliyechukua. Kuiandika mapema hualika hatari ya kuchukua chupa yenye jina la mtu mwingine, na kuiacha mpaka baadaye hualika hatari ya kubahatisha. Lebo hubandikwa kwenye chupa yenyewe, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hufunguliwa na vinaweza kubadilishana. Kisha lakiri ya karatasi hupitishwa juu ya kifuniko hadi ubavuni mwa chupa, na saini huandikwa ikivuka ukingo wa lakiri, ili anayeifungua ashindwe kuirudisha ilivyokuwa.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kiasi. Mililita zilizochukuliwa husomwa kwenye kipimo na kuandikwa palepale. Makadirio ya macho hayatoshi, na kisa kimoja maarufu kinaonyesha kwa nini.

Tarehe 13 Juni 1994, siku moja baada ya mauaji mawili mjini Los Angeles, muuguzi wa polisi alimtoa damu O. J. Simpson, aliyekuwa mchezaji nyota wa mpira wa miguu wa Kimarekani. Hakuandika kiasi. Alipoulizwa mahakamani baadaye, alisema ilikuwa takriban mililita nane. Kumbukumbu za maabara zilipojumlishwa, zilieleza kama sita na nusu tu. Isitoshe, mpelelezi Philip Vannatter hakuikabidhi chupa hiyo mara moja ili isajiliwe. Aliibeba hadi nyumbani kwa Simpson, ambako mtaalamu wa vielelezo alikuwa bado akikusanya ushahidi. Mawakili wa utetezi hawakuhitaji zaidi ya hapo. Walidai kwamba damu iliyopungua ilinyunyizwa kwenye vielelezo vingine. Muuguzi alisema baadaye kwamba huenda alikadiria vibaya, lakini tarakimu ya kwanza ilikuwa imeshaingia kwenye kumbukumbu za mahakama. Simpson aliachiwa huru tarehe 3 Oktoba 1995. Kesi ilikuwa na mengine mengi, ukiwemo ubaguzi ndani ya polisi, na haikuthibitishwa kwamba damu ilichezewa. Hata hivyo, mstari mmoja wa maandishi siku ile ungelifunga swali la mililita.

Wakati wa usafirishaji, kila mkono mpya huongeza mstari kwenye fomu: aliyetoa, aliyepokea, tarehe, saa, sababu na hali ya lakiri. Wote wawili husaini wakiwa pamoja. Chupa ikilala usiku ofisini, friji lenye kufuli nalo huandikwa, pamoja na jina la mwenye ufunguo, maana saa zisizo na mwenyewe ndizo wakili atakazozitafuta kwanza.

Maabara hailazimiki kupokea kila kinacholetwa. Karani wa mapokezi hulinganisha lebo na fomu, hukagua lakiri na kupima kiasi kabla ya kusaini. Tofauti yoyote huandikwa mbele ya mleta sampuli. Baada ya hapo sampuli hupewa namba ya maabara, na kila tone linalochotwa kwa kipimo hupunguzwa kwenye rejista, ili kilichotumika na kilichobaki vijumlike kuwa kilichopokelewa. Baki hufungwa kwa lakiri mpya, na siku ya kuliteketeza huandikwa pia. Kosa la kalamu hukatwa kwa mstari mmoja na kusainiwa. Kulifuta kwa wino mweupe ni kuzua shaka bure.

Nchini Tanzania, Mahakama ya Rufani iliuweka wazi mnyororo huu katika shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007: maandishi yafuate mfululizo wa kukamata, kutunza, kuhamisha, kuchunguza na hatima ya kielelezo. Hukumu za baadaye zimelegeza kamba kidogo. Kwa kitu kisichobadilishwa au kuchezewa kwa urahisi, ushahidi wa mdomo wa waliokishika unaweza kutosha. Damu haina bahati hiyo: chupa mbili zikikaa bega kwa bega bila lebo, hakuna shahidi anayeweza kuzitofautisha kwa macho.