Goma: mgeni akionja sambaza na chai, aangalie nini?

Mwenye kuongoza wageni Goma anaweza kuanzia Kituku, soko ya kando ya ziwa, na sahani ya sambaza. Awaambie kwamba hizi samaki ndogo si za Kivu tangu zamani: zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Zinaoshwa, zinatiwa chumvi, zinakaangwa nzima mpaka zikauke, zinaliwa na pilipili. Zikitoka kwenye mafuta ya moto mbele ya mteja, ni nzuri. Zile zimepoa tangu asubuhi, nzi zikizitembelea, ziachwe.

Kisha chai. Mama anachemsha maji na tangawizi ya kuponda, anaongeza majani na sukari, anaimimina kwenye termosi. Pembeni kuna mandazi: unga wa ngano, sukari, chumvi na levire, yaliyokaangwa.

Chai yenyewe haileti kipindupindu, juu imechemka. Hatari iko kwenye kikombe. Mteja akimaliza, kinazamishwa ndani ya ndoo ya vikombe vyote, kinarudi mezani na matone yake. Kama maji hayo yalichotwa ziwani bila kutiwa klore, vijidudu vinabaki kwenye ukingo, pale midomo inagusa na chai ya moto haifiki.

Si uchafu wa mama. Goma maji mengi yananunuliwa kwa bidoni. Basi kiongozi aombe kila kikombe kimwagiwe maji yenye kuchemka, ndani na ukingoni, na aongeze franga kidogo kwa makala.