Baiti Tatu Zilizojificha Mwanzoni mwa Faili

Katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa aliniletea orodha ya wanachama aliyoitoa kwenye Excel kama faili la CSV, yaani maandishi matupu ambamo kila mwanachama ana mstari wake na taarifa zake zimetenganishwa kwa mkato. Mstari wa juu kabisa ulikuwa na vichwa vya safu: `namba,jina,simu,wilaya`. Nilikuwa nimeandika programu fupi ya Python ya kuwakumbusha wanachama marejesho yao. Nilipoiendesha, ikakwama papo hapo:

```
KeyError: 'namba'
```

Maana yake, hakuna safu iitwayo namba. "Mbona ipo, tena ndiyo ya kwanza?" katibu akauliza, kidole kikiwa kwenye skrini. Ilikuwapo kweli. Tulikagua tahajia herufi kwa herufi, kisha tukalifuta neno lote na kuliandika upya. Wapi! Nikajaribu kusoma safu ya `jina`, ikasomeka bila taabu. Ukiona safu ya kwanza peke yake ndiyo isiyojulikana na nyingine zote zi salama, usihangaike tena na tahajia. Niliiambia programu initajie vichwa kama inavyoviona yenyewe:

```
['\ufeffnamba', 'jina', 'simu', 'wilaya']
```

Hiyo `\ufeff` ndiyo alama ya mpangilio wa baiti. Haina umbo wala upana, kwa hiyo jicho halina cha kuona. Lakini kwa kompyuta ni herufi kamili, na neno lililotanguliwa nayo si "namba" tena. Asili yake ni kwamba kuna mitindo ya kuhifadhi maandishi, kama UTF-16, ambayo herufi moja huchukua angalau baiti mbili, na kompyuta hazikuwa zikikubaliana ipi itangulie. Alama hii iliwekwa mwanzoni ili msomaji ajue mpangilio uliotumika. Katika UTF-8 mpangilio ni mmoja tu, hivyo alama imebaki kuwa kitambulisho cha mtindo wenyewe, na huchukua baiti tatu: EF BB BF.

Simlaumu anayeiweka. Wapo wanachama wetu waliotoka Wanging’ombe, na kipashio kilichopinda cha neno hilo kimo kwenye faili. Faili la UTF-8 lisipokuwa na alama, Excel ya Windows mara nyingi hulisoma kwa mtindo wa zamani pale unapolibofya kulifungua, na wilaya hugeuka "Wangingâ€™ombe". Ndiyo maana ukichagua `CSV UTF-8 (Comma delimited)` wakati wa kuhifadhi, Excel huitia alama hiyo yenyewe.

Kwa programu yangu, dawa ilikuwa kubadili neno moja tu pale inapofungua faili:

```
open('wanachama.csv', encoding='utf-8-sig', newline='')
```

Nilikuwa nimeandika `utf-8`. Hiyo `utf-8-sig` huiondoa alama ikiwapo, na isipokuwapo haigusi kitu. Asiyeandika programu anaweza kufungua faili kwa Notepad, achague `Save as`, kisha kwenye `Encoding` aweke `UTF-8` badala ya `UTF-8 with BOM`. Asilifungue kwa kulibofya tu kwenye Excel na kulihifadhi tena: namba ya simu inayoanza na 0 huchukuliwa kuwa hesabu, na sifuri yake hupotea.

Kwenye Linuksi, baiti tatu za mwanzo huonekana hivi:

```
head -c 3 wanachama.csv | xxd
```

Kabla ya kusafisha niliona `efbb bf`. Baada ya kusafisha nikaona `6e61 6d`, ambazo ni n, a na m za "namba". Kagua kwanza, ndipo ukate. Wapo wanaokata baiti tatu kwa `tail -c +4` bila kuangalia. Amri hiyo haijui inakata nini, na ukiirudia kwenye faili lililokwisha kusafishwa, kichwa cha safu kitabaki "ba".

Baadaye katibu alinasa penginepo. Aliunganisha mafaili ya matawi mawili, la pili chini ya la kwanza, na alama ya lile la pili ikabaki katikati ya orodha, mahali ambapo `utf-8-sig` haifiki, kwa kuwa huangalia mwanzo wa faili tu. Siku hizi anasafisha kila faili kabla ya kuliunganisha na jingine, na anatunza nakala mbili: yenye alama ya kufungulia kwenye Excel, na isiyo nayo ya kuipa programu.