Hojaji ya Maswali Matano Katika Hoteli ya Shangazi

Kuuliza si ujinga, ndivyo walivyonena wahenga. Lakini kuna kuuliza na kuuliza. Mwenye duka akimwuliza mteja, "Je, umeridhika na huduma yetu?" atajibiwa "Ndiyo" kwa heshima, na mteja huyo huyo kesho ataonekana akinunua duka la pili. Swali limeulizwa, jibu limepatikana, na hakuna lililojulikana. Katika ukurasa huu nataka nikueleze jinsi hojaji fupi inavyotungwa ili majibu yake yaishie katika jambo moja la kufanya. Mfano wangu ni hoteli ndogo ya shangazi yangu iliyo karibu na steji ya matatu, pale panapouzwa chai na maandazi asubuhi, na chapati kwa madondo mchana.

Jambo la kwanza si maswali, ni uamuzi. Kabla ya kuandika hata neno moja, jiulize: nikishapata majibu haya, nitaamua nini? Kwa shangazi uamuzi ulikuwa bayana. Wateja wa mchana walikuwa wakipungua, kodi ya kibanda ilikuwa palepale, naye alitaka kushusha bei ya chapati kutoka shilingi 20 hadi shilingi 15. Basi hojaji yetu ilikuwa na kazi moja tu: kutuonyesha kama ni bei inayowafukuza wateja wa mchana au ni jambo jingine. Swali lolote lisilosaidia uamuzi huo tuliliacha, hata kama lilipendeza. Umri wa mteja, kwa mfano, tungeufanyia nini? Tuliufuta.

Jambo la pili ni kuuliza yaliyokwisha kutendeka, si yale mtu anayodhani angeyatenda. Ukimwuliza mtu, "Bei yetu ni ghali?" atakuambia ni ghali, maana nani atakataa kupunguziwa? Ukimwuliza, "Tukishusha bei utakuja kila siku?" atakuahidi, lakini ahadi haijazi sahani. Bali ukimwuliza alikula wapi mara ya mwisho na kwa nini, atakumbuka siku fulani, mahali fulani na sababu fulani. Hapo ndipo ukweli ulipo. Haya ndiyo maswali tuliyoandika:

1. Katika siku saba zilizopita umekula hapa mchana mara ngapi? (Hata mara moja, mara 1 au 2, mara 3 au zaidi)
2. Mara ya mwisho ulipokula mchana mahali pengine, ulikula wapi?
3. Sababu kubwa ya kula huko ilikuwa gani? Chagua moja. (Bei, kungojea chakula, ladha, mahali pa kukaa, sababu nyingine)
4. Una muda gani wa kula mchana? (Chini ya nusu saa, nusu saa au zaidi)
5. Kama ungeweza kubadilisha kitu kimoja tu katika hoteli hii, kingekuwa nini?

Tazama swali la tatu, limeruhusu sababu moja tu. Mtu akiachiwa kuchagua zote, atachagua zote, nawe utabaki ulipokuwa. Tazama pia kwamba halikuuliza "ladha na usafi" kwa pamoja. Anayependa ladha na kuchukia uchafu angejibu vipi? Kila swali libebe jambo moja. Swali la wazi, lile la tano, tuliliweka mwisho na likawa moja tu, maana mtu aliyeshika kijiko hawezi kuandika insha.

Shangazi alipoiona karatasi alishtuka kidogo. "Sasa mwanangu," akaniambia, "hawa watu si wataona kama ni mtihani?" Tuliijaribu kwa watu watatu kwanza. Mmoja aliuliza kama chai ya saa nne ni chakula cha mchana, ndipo tukaongeza maneno "kati ya saa sita na saa nane". Jaribio la watu watatu huchukua dakika kumi, na hukuepusha na karatasi nzima za majibu yasiyoeleweka.

Jambo la tatu ni nani aulizwe, na nani aulize. Ukiwauliza waliomo hotelini peke yao, unawauliza wale ambao tayari wanakuja. Waliokimbia hawamo! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyehama kitanda ndiye anayewajua vizuri. Kwa hiyo tuliuliza ndani ya hoteli, kisha tukatoka nje, stejini kwa watu wa bodaboda na katika maduka ya jirani. Shangazi mwenyewe hakuuliza mtu. Nani atamwambia mama wa watu usoni kwamba madondo yake hayana chumvi? Niliuliza mimi, bila kuandika jina la mtu, na asiyependa kusoma nilimsomea nikatia alama mwenyewe. Tulifanya hivyo siku tatu tofauti za wiki, maana wateja wa siku ya soko si wateja wa siku nyingine.

Niliwaendea watu 40. Wanne walikataa, 36 wakajibu: 24 ndani ya hoteli na 12 nje. Kuhesabu hakuhitaji mashine. Chora jedwali, piga vijiti, na kila cha tano kikate vile vinne. Katika swali la tatu vijiti vilisema hivi: kungojea chakula 15, bei 9, mahali pa kukaa 5, ladha 3, sababu nyingine 4.

Mtu mwenye haraka angeishia hapo na kusema kungojea kumeshinda. Lakini watu 36 ni wachache. Tofauti ya 5 na 3 haina maana yoyote, na hata ile ya 15 na 9 isikutie kiburi. Kinachosaidia ni kulisoma swali moja juu ya jingine. Nilichukua zile karatasi 15 za kungojea nikatazama swali la nne: 12 zilikuwa za watu wenye chini ya nusu saa. Kisha nikachukua zile 9 za bei nikatazama swali la kwanza: 6 zilikuwa za watu waliokula kwa shangazi mara 3 au zaidi wiki hiyo. Yaani wengi wa waliolalamikia bei walikuwa bado wanakuja, na walalamikaji wa kungojea walikuwa na sababu ya kweli ya kutokuja. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia, "Mimi nikikaa hapo dakika ishirini nangoja chapo, nimeshakosa abiria wawili. Chakula ni kizuri, shida ni saa."

Sasa tuipime ile nia ya kushusha bei. Shangazi huuza kama chapati 60 mchana. Kila moja humgharimu shilingi 10 hivi za unga, mafuta na makaa, kwa hiyo akiuza kwa 20 hupata faida ya shilingi 10, jumla 600. Akiuza kwa 15 faida ni shilingi 5. Ili azipate zile 600 itambidi auze chapati 120, mara mbili ya anazouza! Na hizo 120 zitapikwa na nani, ikiwa hata 60 zinachelewa?

Jambo la nne ndilo wengi hulisahau. Hojaji hukuambia panapouma, haikuambii kwa nini panauma. Sababu hutafutwa kwa macho. Nilikaa karibu na jiko nikiwa na saa, nikaandika dakika tangu mteja aagize hadi sahani imfikie. Kati ya wateja kumi, wa haraka alingoja dakika 9, wa mwisho dakika 26, na wa katikati kama 17. Madondo yalikuwa tayari tangu saa tano. Iliyochelewa ni chapati, kwa sababu kila moja ilisukumwa na kuchomwa baada ya kuagizwa, juu ya kikaango kimoja, kwa dakika mbili hivi. Wakiingia watu sita pamoja saa saba, kila mmoja akitaka mbili, hizo ni chapati 12, dakika 24. Huyo wa sita ndiye anayehama.

Badiliko letu basi likawa moja, nalo lilikuwa na kiasi na saa: chapati 40 zichomwe kuanzia saa tano hadi saa sita na dakika ishirini, na zinazobaki zichomwe huku wateja wakila. Kwa nini si zote 60? Kwa sababu siku mbaya zikibaki, ni hasara. Lilitokea tatizo dogo: chapati zilizofunikwa zikiwa motomoto zililowa kwa mvuke wake zenyewe. Dawa ilikuwa kuziacha zipumue kidogo, kuzifunga kwa kitambaa safi kikavu, ndipo zitiwe katika hotipoti. Hatukubadilisha bei, wala viti, wala chumvi. Ungebadilisha vitatu kwa mpigo na wateja wakaongezeka, ungejuaje ni kipi kilichowaleta?

Mwisho, pima kabla na baada kwa kipimo kilekile. Kabla ya badiliko tuliandika sahani za mchana kwa siku sita, zikawa wastani wa 30 kwa siku. Baada ya wiki mbili tukaandika tena siku sita zilezile za wiki, tukikwepa mwisho wa mwezi ambapo mifuko ya watu hujaa. Zikawa wastani wa 37, na mteja wa katikati sasa alingoja dakika 6. Sisemi zote saba zililetwa na chapati. Huenda siku hizo kulikuwa na watu wengi mjini. Lakini dakika za kungoja zilipungua kwa hakika, maana saa haina upendeleo, na wawili wa wale 12 wa nje niliwaona kwa macho yangu wamekaa benchini wakila.

Shangazi naye ameuliza swali la haki: "Na wale wa bei, tutawaacha hivyo?" La, hasha. Bado karatasi zao tisa zimo kwenye bahasha. Hojaji ya pili itakuwa na uamuzi wake wenyewe: je, sahani ndogo ya chapati moja na madondo nusu itawafaa? Nayo, kama ya kwanza, haitamwuliza mtu kama angependa. Itamwuliza ni mara ngapi wiki iliyopita alikosa chakula cha mchana kwa kukosa pesa, na siku hiyo alikuwa na shilingi ngapi mfukoni.