kVA na kW: Kusoma Bamba la Jenereta ya Karakana

Bamba la jenereta ya dizeli huweza kuonyesha 20 kVA na, chini yake, 16 kW. Namba zote mbili ni za kweli, ila kila moja inahusu sehemu tofauti ya mashine. Kilowati hupima kazi halisi, na kazi hiyo hutoka kwenye injini. Kilovolti-ampea hupima umeme wote unaopita kwenye waya, yaani volti zikizidishwa kwa ampea, na mzigo huo hubebwa na koili za altaneta.

Tofauti inaletwa na mota na transfoma. Hizi huchukua umeme wa kujenga sumaku, kisha huurudisha. Umeme huo hauli dizeli, lakini unapita kwenye koili na kuzipasha moto. Uwiano wa kW kwa kVA huandikwa kwenye bamba kama cos φ, na kwa kawaida ni 0.8.

Chukua karakana ya kuchomelea mageti. Mashine ya kuchomelea ya transfoma inavuta 8 kVA, lakini kazi yake halisi ni kama 4.8 kW tu. Grenda kubwa ni 2 kW, karibu 2.1 kVA. Kompresa yenye mota ya 2.2 kW inavuta kama 2.8 kW, au 3.4 kVA, kwa sababu mota nayo hupoteza nguvu. Jumla haifiki 10 kW, ila kVA zinakaribia 13.5. Fundi akinunua jenereta ya 10 kW yenye 12.5 kVA kwa kuhesabu kilowati peke yake, injini itanguruma bila shida huku koili zikiungua polepole. Dalili yake ni harufu ya vanishi iliyochomeka.

Kuna pia kuwasha. Mota ya kompresa inapoanza huvuta umeme mara tano hadi saba ya kawaida, kwa sekunde chache. Kwa hapa ni kama 20 kVA, juu ya mashine ya kuchomelea. Taa zikififia sana na kompresa ikikwama kila inapoanza, jenereta ni ndogo. Kwa karakana hii 20 kVA inafaa. Kuzidisha sana nako hakufai, kwani dizeli inayofanya kazi chini ya theluthi ya uwezo wake kwa muda mrefu haichomi mafuta vizuri, na ekzosi huanza kutoa moshi na utelezi mweusi.

Mtego mkubwa zaidi ni fezi. Jenereta ya fezi tatu ya 20 kVA, volti 400, hutoa ampea 29 tu kwa kila fezi. Mashine ya kuchomelea ya 8 kVA kwenye volti 230 inataka 35. Karakana ya vifaa vya fezi moja inunue jenereta ya fezi moja. Bamba likiwa na viwango viwili, kazi ya kila siku ihesabiwe kwa kile cha PRP. ESP ni cha dharura, umeme wa gridi unapokatika.