Kuiongoza Nyumba kwa Simu Ukiwa Mbali

Anayetumia Home Assistant kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi huwasha taa na pampu ya maji kwa simu akiwa sebuleni. Akitoka nje ya waifai ya nyumbani, simu haioni kitu. Ushauri anaopewa mara nyingi ni kuingia kwenye rauta na kulifungulia intaneti lango namba 8123, linalotumiwa na Home Assistant.

Ushauri huo si mzuri. Lango likiwa wazi, yeyote duniani anaweza kulijaribu, na zipo programu zinazopekua anwani za intaneti usiku na mchana. Nywila ngumu pekee haitoshi: Machi 2023, watengenezaji wa Home Assistant walitangaza kasoro iliyomwezesha mtu wa mbali kuingia bila nywila. Ukali wake ulipewa alama 10 kati ya 10, na ilikuwamo tangu 2017.

Isitoshe, kwa wengi wenye rauta ya laini ya simu, kufungua lango hakusaidii chochote, kwa kuwa kampuni huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Dalili yake ni kwamba anwani inayoonekana ndani ya rauta hailingani na ile inayoonyeshwa na tovuti za kuangalia anwani.

Dawa ni kuiacha kompyuta ya nyumbani ianzishe mawasiliano yenyewe kutoka ndani. Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard, hufanya hivyo. Mwenye nyumba anaiongeza kwenye Home Assistant, anaiweka pia kwenye simu, kisha anaingia kwa akaunti moja pande zote mbili. Kila kifaa hupewa anwani inayoanza na 100, na simu hufungua:

```
http://100.x.y.z:8123
```

Herufi x, y na z hushika nafasi ya tarakimu za kifaa husika. Mawasiliano husafiri yakiwa yamefichwa kwa msimbo, na vifaa visipoweza kuunganishwa moja kwa moja hupitia seva za kati ambazo haziwezi kuyasoma. Hapo picha za kamera huweza kuchelewa kidogo. Taa huwaka bila shida.

Kwa kujaribu, zima waifai ya simu na utumie data. Ukurasa ukifunguka, rudi kwenye rauta ufute lango lolote ulilowahi kufungua. Hatua hii wengi huisahau, na hatari hubaki palepale.

Kuna jambo jingine linalowakwaza watu wakiwa safarini. Kwa kawaida ufunguo wa kifaa huisha muda baada ya siku 180, na kompyuta ya nyumbani hutoweka bila hitilafu nyingine yoyote. Basi kabla ya kufunga mizigo, ingia kwenye ukurasa wa Tailscale wenye orodha ya vifaa, chagua kompyuta hiyo, ubonyeze `Disable key expiry`. Akaunti yenyewe iwekee uthibitisho wa hatua mbili, maana atakayeiingia ataifikia kompyuta ya nyumbani kwako.